"Asante mzee, nasubiri mrejesho": kwanini meseji yako haijibiwi

Wiki hii tena. Kijana kakaa mbele yangu na simu mkononi ananiambia "dada, nilimshukuru tu, ile ishu ya kuniunganisha sikuitaja, ataona nina njaa." Nasaidia watu wanaotafuta kazi hapa Mwanza, na hii kauli nimeisikia mpaka imenichosha, kwa hiyo leo naiandika.

Dhana: shukuru tu, usitaje ahadi, atakumbuka mwenyewe

Hakumbuki. Huyu kijana alienda kwenye mkutano wa wahitimu na waajiri hoteli moja kule Capri Point, akapiga stori na mzee mmoja msimamizi wa zamu kiwanda cha samaki. Mzee kwa hiari yake akamwambia "mwanangu, kuna mkuu wa ubora namfahamu, yuko Musoma, anatafuta mtu wa maabara, ntakuunganisha." Usiku kijana akatuma: "Shikamoo mzee, asante sana kwa leo, Mungu akubariki, nasubiri mrejesho." Siku 12 kimya.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mzee. Siku ile kaongea na watu kibao, namba yako hajaisevu, meseji haina jina, na huo mrejesho ni wa nini? Hata angekukumbuka, bado inabidi akae atunge maneno ya kumwelezea mtu aliyeongea nae dakika kumi, anasema ntafanya baadae, na baadae haifiki. Na kumtaja mtu ahadi aliyoitoa mwenyewe sio kuomba omba jamani, kuomba omba ni "nisaidie kazi yoyote ile".

Kinachofanya kazi ni meseji mbili, usiku uleule au kesho yake asubuhi. Ya kwanza ni ya mzee:

"Shikamoo mzee. Ni (jina), tuliongea jana Capri Point kuhusu barafu kuisha mitumbwini kabla samaki hawajafika mwaloni. Asante kwa muda wako. Ulisema unaweza kuniunganisha na mkuu wa ubora wa Musoma, nitashukuru sana. Nimekuandikia maelezo mafupi hapa chini ili usihangaike kuandika. Kama umeona haijakaa vizuri, hamna shida mzee wangu."

Ya pili inasimama peke yake, haina shikamoo wala "mzee", maana atakayeisoma ni yule wa Musoma:

"(Jina), shahada ya sayansi ya chakula. Mafunzo ya vitendo miezi miwili kiwanda cha minofu ya sangara: kupima joto la minofu, kuchukua sampuli za maji na barafu, kujaza fomu za HACCP. Natafuta nafasi ya maabara, naweza kuhamia Musoma. Simu: ..."

Hapo mzee anabonyeza kidole anaifowadi, basi. Na angalia kwamba hakuna "mchapakazi" wala "najituma sana", mzee anaweka jina lake rehani kwa mwenzake, usimpe maneno ambayo hawezi kuyatetea akiulizwa. Pia usidai upewe namba ya yule mtu, mwenye adabu ya kazi anamuuliza mwenzake kwanza kama yuko tayari, ndo anakuunganisha, kwa hiyo siku tatu nne za ukimya ni kawaida. Ikipita wiki kumbusha mara moja tu, akikaa kimya tena achana nayo.

Kijana alituma hizi mbili akiwa hapahapa ofisini, akaomba radhi kwa kuchelewa. Jibu likaja jioni: "Aaa kumbe ni wewe wa barafu! Ngoja nimuulize."

Dhana: ambatanisha kila kitu

Hapana. Sivii moja ya PDF, faili lina jina lako, sio picha ya karatasi uliyopiga juu ya godoro. Vyeti na barua ya mtendaji vinasubiri mwajiri aviombe.

Dhana: mtumie hela ya soda kwanza

Usithubutu. Mtu alikuwa anakusaidia kwa moyo wake, ghafla inanuka rushwa, na mwenye akili anajitoa hapohapo.

Dhana: ukishaunganishwa, mzee kamaliza kazi yake

Hapa ndo wengi wanaharibu baada ya kupatia kote huko. Yule wa Musoma akikucheki, mjibu siku hiyohiyo, alafu rudi kwa mzee na mistari miwili: "Mzee, amenipigia leo, nakwenda kumuona Alhamisi." Ukienda mwambie ilivyokuwa, hata kama hawakukuchukua mwambie, maana asipojua atakuja kuulizwa na mwenzake "yule kijana wako vipi?" na hana la kujibu.