Kwa nini kaboni huchagua tundu dogo ndani ya chuma?

*"Nimesoma kwamba chuma kikiwa cha moto sana atomi zake hubanana zaidi, na hapo ndipo kinapomeza kaboni nyingi. Kikipoa, atomi zinaachana kidogo, halafu kaboni inatemwa. Inawezekanaje?"*

Tusijumlishe uwazi wote uliopo, tutazame umegawanywa vipi. Chuma cha moto kina matundu machache makubwa. Chuma kilichopoa kina matundu mengi madogo, na atomi ya kaboni haiwezi kujigawa ikakaa kwenye matundu matatu kwa wakati mmoja.

Tuanze na chuma cha moto. Chuma safi kikipita nyuzi 912 za Selsiasi, atomi zake hujipanga katika michemraba yenye atomi kwenye kila kona na moja katikati ya kila uso. Mpangilio huu huitwa asteniti, na atomi hujaza asilimia 74 ya nafasi yote. Tuchukulie kila atomi ni tufe gumu lenye nusukipenyo R. Kwenye uso wa mchemraba, atomi ya katikati inagusana na zile za kona, kwa hiyo ulalo wa uso ni 4R. Kwa kanuni ya Pithagorasi, ukingo unakuwa 2.828R. Sasa fuata ukingo mmoja kutoka kona hadi kona. Atomi mbili za kona zinachukua R kila moja, na katikati inabaki 0.828R tupu. Hicho ndicho kipenyo cha tundu. Tufe litakaloingia bila kusukuma mtu lina nusukipenyo cha 0.414R.

Tundu hilo limezungukwa na atomi sita. Ukiunganisha vitovu vyake kwa mistari unapata umbo la nyuso nane, oktahedroni, na ndiyo maana huitwa nafasi ya oktahedroni. Lipo tundu la aina nyingine kati ya atomi ya kona na atomi tatu za katikati ya nyuso zinazokutana kwenye kona hiyo. Hizo ni atomi nne, umbo la nyuso nne, yaani tetrahedroni. Hesabu yake hupita kwenye ulalo mkuu wa mchemraba, unaotoka kona moja hadi kona ya mkabala kupitia katikati, na kutoa 0.225R tu, kwa hiyo katika asteniti kaboni haina sababu ya kulitamani.

Tuweke vipimo halisi. Hapa tutumie pikomita. Pikomita trilioni moja ni mita moja. Ukingo wa mchemraba wa asteniti ni takriban pikomita 357, hivyo R ya chuma ni 126, na tundu la oktahedroni linabeba tufe la nusukipenyo cha 52. Kaboni ina takriban 77. Haienei! Ili ikae, kila moja ya zile atomi sita lazima irudi nyuma kama pikomita 25. Ni usumbufu, lakini unavumilika, hasa kwa kuwa umegawanywa sawasawa pande zote. Kila atomi ya chuma ina tundu moja la aina hii, lakini matundu hayajai yote, kwa sababu kaboni moja ikishawasukuma majirani, tundu la pili linabanwa. Kiwango cha juu kabisa ni asilimia 2.14 kwa uzito, kwenye nyuzi 1147. Ukihesabu kwa atomi, ni kaboni moja kwa kila atomi kumi za chuma.

Kikipoa chini ya nyuzi 912, chuma hubadili mpangilio. Atomi zinabaki kwenye kona, lakini zile za katikati ya nyuso zinaondoka na badala yake inakaa moja katikati ya mchemraba. Hii ni feriti. Atomi zinajaza asilimia 68, kwa hiyo kweli uwazi umeongezeka, ila kila atomi ya chuma sasa ina matundu matatu ya oktahedroni na sita ya tetrahedroni. Uwazi umesambaa.

Sasa atomi zinagusana kwenye ulalo mkuu, hivyo ukingo ni 2.309R. Tundu la tetrahedroni linapimika 0.291R, na la oktahedroni, lililo katikati ya uso, 0.155R tu. Katika feriti R ni 124, kwa hiyo tuna tundu la 36 na jingine la 19. Mtu yeyote angesema kaboni itakwenda kwenye lile la 36. Inakwenda kwenye lile la 19.

Oktahedroni ya feriti imebonyea, na hapo ndipo siri ilipo. Kati ya atomi zake sita, mbili ziko karibu mno, pikomita 143 kutoka katikati ya tundu, na nne ziko mbali, takriban 202. Kaboni ya 77 ikigusana na chuma cha 124, vitovu vyao vinaachana 201. Linganisha: zile nne haziguswi hata kidogo. Ni mbili tu zinazosukumwa, kila moja pikomita 58, moja huku na nyingine kule. Kwenye tetrahedroni majirani wote wanne wako pikomita 160, na wote wanne lazima wasukumwe, kila mmoja 41. Tena, chuma hutanuka kwa urahisi zaidi sambamba na ukingo wa mchemraba, takriban mara mbili kuliko kikivutwa kwenye ulalo mkuu, na zile mbili zinasukumwa kwenye mwelekeo huo huo mwepesi. Tundu la tetrahedroni linabaki kuwa njia: kaboni hulipitia inaporuka kutoka oktahedroni moja hadi nyingine. Haidrojeni, ambayo ni ndogo mno, ndiyo hukaa humo.

Hata hivyo, kusukuma atomi kwa pikomita 58 ni gharama kubwa, na ndiyo maana feriti hupokea kaboni kwa ubahili: asilimia 0.022 kwenye nyuzi 727, yaani kaboni moja kwa karibu atomi elfu moja za chuma. Chuma kikipoa polepole, inayobaki hutoka na kujenga fuwele za aina nyingine pamoja na chuma.

Mhunzi akikitumbukiza kwenye maji kikiwa bado chekundu, kaboni haipati muda wa kutoka. Inanaswa kwenye oktahedroni zilizobonyea, na kwa kuwa nyingi zimeelekea upande mmoja, mchemraba wote unarefuka upande huo. Hiyo ni martensiti, ngumu na yenye kukatika kirahisi. Urefu huo unapimwa kwa eksirei: kwa kila asilimia moja ya kaboni, upande mmoja unauzidi mwingine kwa karibu asilimia 4.5. Chuma chenye kaboni asilimia 0.8 kitaonyesha tofauti ya asilimia 3.6, na kipimo hicho kinasomwa moja kwa moja kwenye mistari ambayo eksirei huchora zikitawanywa na safu za atomi, ambapo mstari mmoja wa zamani unajigawa kuwa miwili. Ukikipasha tena moto wa wastani, nyuzi 150 hadi 200, kaboni huanza kuruka kutoka kwenye matundu hayo, na mistari miwili huanza kusogeleana.