Tarehe tano mwezi wa tano: dhana potofu kuhusu Sikukuu ya Mashua za Joka

Mwaka 2025 mteja wangu mmoja wa Dar, muuza vitambaa, alipanga safari yake ya Guangzhou ili tarehe 5 Mei imkute mtoni. Alikuwa amesikia kwamba mashindano ya mashua za joka hufanyika "tarehe tano mwezi wa tano", na kwetu mwezi wa tano ni Mei, basi. Hakuniuliza. Nilimpeleka kwenye kijiji kimoja kilichomezwa na jiji, na alichokikuta ni wanaume wamezama mpaka kiunoni kwenye tope la mfereji, wakichota udongo kwa ndoo na kwa mikono, hadi ubavu mweusi wa mashua ulipoanza kuchomoza. Akaniangalia kama vile nimemtapeli.

Hakujua bahati yake. Siku ile ilikuwa tarehe 8 ya mwezi wa nne wa Kichina, siku ambayo vijiji vya Guangzhou hufukua mashua zao. Mbao zake ni ngumu na nzito, na zikiachwa juani hupasuka, ndiyo maana mashua hufukiwa topeni hadi msimu unaofuata. Mashindano yenyewe, yaani sikukuu ya Duanwu, yalikuwa tarehe 31 Mei. Wakati huo yeye alikwisha rudi Kariakoo.

Kazi yangu ni kutafsiri na kutembeza wafanyabiashara huku, na makosa haya nimeyasikia hadi yamenichosha. Hilo la Mei ni dogo: "mwezi wa tano" hapa ni mwezi wa tano wa kalenda ya Kichina, na hauanzi mapema kuliko siku za mwisho za Mei. Wanaosherehekea tarehe 5 Mei ni Wajapani. Walipoingia kwenye kalenda ya Kizungu mwaka 1873, sikukuu yao ya asili hiyohiyo ilibaki na tarehe yake ya tano ya tano, ila sasa ikawa Mei. Ukiona picha za samaki wa vitambaa wakipepea juu ya nguzo, hiyo ni Japani, si Duanwu.

"Kalenda yao ni ya mwezi, kama Hijria"

Hii ndiyo inayonikera, kwa sababu wanaoisema ni watu wa pwani, wanaojua kufuatilia mwezi kuliko mimi. Hesabu yao huwa hivi: mwaka 2024 sikukuu ilikuwa 10 Juni, mwaka 2025 ikawa 31 Mei, imerudi nyuma siku kumi. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Kwa hiyo mwaka 2026 itaangukia 20 Mei hivi. Halafu wanakata tiketi! Jibu la 2026 ni 19 Juni.

Sehemu moja ya hesabu yao ni sahihi. Miezi kumi na miwili ya siku 29 au 30 inafanya siku 354, nazo zinapungua siku kama kumi na moja ukilinganisha na mwaka wa jua. Hijria imeukubali upungufu huo, ndiyo maana Mfungo hupita kwenye masika, kipupwe na kiangazi. Mchina hakuukubali. Yeye ameigawa njia ya jua ya mwaka mzima katika vituo 24, na 12 kati ya hivyo ndivyo vinavyoipa miezi namba zake. Mwezi wenye solistisi ya Desemba lazima uwe wa kumi na moja. Mwezi wenye solistisi ya Juni, siku jua linapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini, lazima uwe wa tano.

Sasa, kutoka kituo kimoja cha namba hadi kingine ni siku zaidi ya thelathini kidogo, na mwezi ni siku 29 na nusu. Upungufu unajikusanya hadi unatokea mwezi ambao umeanza na kwisha bila kukutana na kituo chochote cha namba. Mwaka ukiwa na miezi 13, mwezi wa kwanza kukosa kituo haupewi namba yake. Huazima ya uliotangulia. Mwaka 2025 mwezi wa sita ulikuja mara mbili kwa njia hiyo, na ule wa ziada ndio ulioisukuma Duanwu ya 2026 hadi Juni 19 badala ya kuiacha iendelee kurudi nyuma.

Watu wa pwani wanapaswa kulielewa hili haraka, kwa sababu wao wana kalenda mbili. Saumu na Idi wanazifuata kwa mwezi, lakini mwaka wa Nairuzi, ule unaofunguliwa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, huhesabiwa kwa siku za jua. Kalenda hizo mbili zinaishi nyumba moja bila kufungamana. Mchina amezifunga kamba moja: mwezi unasema ni siku ya ngapi, jua linasema ni mwezi wa ngapi.

Kwa hiyo acheni kuhesabu kurudi nyuma kutoka mwaka jana. Shikeni solistisi, ambayo kwa saa za Beijing huwa 21 Juni karibu kila mwaka siku hizi. Tafuteni siku ya mwisho, kabla yake au siku hiyohiyo, ambayo mwezi ulipita kati ya dunia na jua. Hiyo ndiyo tarehe mosi. Ongezeni nne. Msisubiri hilali ionekane, maana Wachina hawaangalii mwandamo. Wanahesabu siku ya giza kamili, kwa hiyo huwa wametangulia mbele yetu kwa siku moja au mbili. Duanwu ya 2025, siku yao ya tano, kwa hesabu ya Makka ilikuwa tarehe 4 Mfunguo Tatu.

Tujaribu mwaka 2020, ambao wengi mnaukumbuka. Jumapili ya tarehe 21 Juni jua lilipatwa, na hata Nairobi lilionekana limemegwa. Jua halipatwi isipokuwa mwezi uko mbele yake, kwa hiyo tarehe mosi mlionyeshwa angani bila kufungua kitabu. Na siku hiyohiyo ilikuwa solistisi. Mwezi ukaanza ukiwa na kituo chake ndani, ukawa wa tano, na Duanwu ikawa 25 Juni, karibu na ukingo wa mwisho kabisa inakoweza kufika.

Hapo hutokea mjuaji mwingine, ambaye amesoma kwamba miezi 235 ni sawa na miaka 19. Ni kweli, karibu kabisa. Mwaka 2001 Duanwu ilikuwa 25 Juni, mwaka 2020 ikarudi 25 Juni, basi anasema 2039 itakuwa tarehe hiyohiyo. Haitakuwa. Mwaka 2039 solistisi itafika 21 Juni, karibu saa mbili usiku Beijing. Mwezi utapita mbele ya jua saa chache baadaye, lakini usiku wa manane utakuwa umekwisha pita: kwa Beijing itakuwa saa saba na ushee za usiku, tarehe 22. Solistisi imeangukia siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia. Basi huo uliotangulia, ulioanza 23 Mei, ndio wa tano, na Duanwu inakuwa 27 Mei. Unaoanza 22 Juni ni wa tano wa ziada, na tarehe yake ya tano haifanyiwi sikukuu kubwa.

Kinachonifurahisha ni kwamba kwa saa ya Dar mambo yangegeuka. Wakati huo kwetu ni saa mbili na ushee za usiku, bado ni tarehe 21, siku moja na solistisi. Kalenda hiyohiyo ikipigwa kwa saa yetu ingeiweka Duanwu ya 2039 tarehe 25 Juni, tofauti ya siku 29 kwa sababu ya saa tano tu. Kinachohesabiwa ni siku nzima ya Beijing, si nani alitangulia kwa saa. Mwaka 2001 mwezi ulichelewa nyuma ya solistisi kwa saa chache pia, lakini vyote viliangukia tarehe 21, na mwezi ukachukua namba yake.

"Basi ni sikukuu ya solistisi"

Si hivyo. Sikukuu iko ndani ya mwezi wa solistisi, si juu ya siku yenyewe. Mwaka 2025 ilitangulia kwa siku 21, mwaka 2023 ilichelewa kwa siku moja. Kinachoihusisha na jua kwa karibu zaidi ni jina lake. "Wu" katika Duanwu ni alama ya farasi, ambayo ni ya mwezi wa tano, na pia ni ya saa za kuanzia saa tano hadi saa saba mchana. Mwezi wa tano ni adhuhuri ya mwaka. Guangzhou iko kusini kidogo tu ya Tropiki ya Kansa, kwa hiyo mchana wa siku hizo kivuli chako unakikanyaga.

Mkitaka kitu kinachofuata jua kweli, fuateni mvua. Guangdong mvua kubwa za wakati huo huitwa "maji ya mashua za joka", na wataalamu wa hali ya hewa huzipima kuanzia 21 Mei hadi 20 Juni, tarehe za jua, sikukuu iwe imewahi au imechelewa. Njooni na mwavuli. Mwaka ikichelewa hadi 25 Juni msidhani mmesalimika.

"Wanamkumbuka mshairi aliyejitosa mtoni"

Qu Yuan, ndiyo, ambaye kwa mapokeo alijitosa mto Miluo mwaka 278 kabla ya Kristo. Lakini Suzhou watakutajia Wu Zixu, waziri wao wa kale, na desturi nyingi za siku hiyo hazimhusu yeyote kati yao. Majani ya jamii ya pakanga yanayofungwa mlangoni na nyuzi za rangi tano mkononi mwa mtoto ni kinga dhidi ya maradhi na wadudu wa mwezi wenye joto na unyevu. Mkipewa pombe ya unga wa rangi ya machungwa, kataeni kwa adabu: unga ule una aseniki.

Na hapana, haihitaji kuwa mwaka wa joka. Ni kila mwaka.

Yule mteja wa vitambaa ameanza kuhesabu mwenyewe. Ameniletea tarehe ya 2027: solistisi 21 Juni, mwezi wa giza 4 Juni, ongeza nne, 8 Juni. Nimemwambia abadilishe tiketi kwa siku moja. Mwezi huo utazaliwa saa nne na ushee usiku kwa saa ya Kariakoo, wakati Beijing wameshalala na kuingia tarehe 5.