Majaji watano, hukumu tano: kanuni inayofunga iko wapi?

Wakili akisimama na kusema "mahakama iliamua hivi", swali la kwanza kutoka kitini huwa fupi: majaji wangapi? Niliwahi kuulizwa hivyo nikiwa mchanga kazini, na nilichokuwa nacho mkononi ni nukuu ya jaji mmoja kati ya watano. Kesi yenyewe ilikuwa ya mapitio ya mahakama, yaani mahakama kukagua uhalali wa uamuzi wa serikali, ile ya vyama vya wafanyakazi wa GCHQ, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza, wakati huo mahakama ya juu kabisa huko, Novemba 1984. Naitumia hapa kuonyesha jinsi ya kutafuta kanuni inayofunga, yaani sababu ya uamuzi ambayo mahakama za baadaye lazima ziifuate, kwa sababu karibu kila kosa la kusoma hukumu ya majaji wengi linajitokeza ndani yake.

Kisa ni hiki. GCHQ ni shirika la serikali linalonasa na kuchambua mawasiliano. Tangu mwaka 1947, ilikuwa desturi kushauriana na vyama kabla ya kubadili masharti muhimu ya kazi. Desemba 1983 Waziri Mkuu Margaret Thatcher alitoa agizo kwamba wafanyakazi wa GCHQ wasiruhusiwe tena kuwa wanachama wa vyama vya kitaifa. Hakushauriana na vyama wala wafanyakazi. Alitumia mamlaka aliyopewa na Amri ya Baraza ya mwaka 1982, yaani amri iliyotolewa kwa mamlaka ya asili ya Taji, yaani ya ufalme, si kwa sheria ya Bunge. Vyama vikaenda mahakamani na hatimaye vikashindwa kwa kauli moja. Lodi Fraser, Scarman, Diplock, Roskill na Brightman, kila mmoja alitoa maoni yake.

Dhana potofu: Maneno yanayonukuliwa zaidi ndiyo kanuni.

Kila mwanafunzi wa sheria anajua mafungu matatu ya Lodi Diplock: uamuzi wa serikali waweza kubatilishwa kwa kukiuka sheria, kwa kukosa busara kupita kiasi, au kwa kasoro za utaratibu. Ni mpangilio mzuri, na Lodi Roskill naye aliukubali. Lakini kesi ile ilihusu jambo moja tu, kutoshauriana. Ondoa mafungu mawili ya kwanza, na hakuna kinachobadilika katika matokeo. Mpangilio ule umepata nguvu kwa sababu mahakama za baadaye ziliupokea na kuutumia mwaka baada ya mwaka, wala si kwa sababu hukumu ya 1984 ililazimisha mtu. Anayetaka kuutegemea anukuu kesi hizo za baadaye.

Dhana potofu: Matokeo yakiwa tano kwa sifuri, kanuni nayo ni tano kwa sifuri.

Hapa ndipo penye kazi. Kura za matokeo na kura za sababu ni hesabu mbili. Chukua karatasi, andika majina ya majaji kwa safu, kisha kila hoja iliyobishaniwa uipe mstari wake. Jaza kila kisanduku kwa aya uliyoisoma mwenyewe, usitegemee muhtasari wa mwandishi wa ripoti.

Kwa GCHQ mistari mikuu ni mitatu. Je, mahakama inaweza kupitia mamlaka yanayotoka kwa Taji? Je, vyama vilikuwa na matarajio halali ya kushauriwa, yaani matarajio yanayolindwa na sheria kwa sababu ya desturi ile? Je, usalama wa taifa uliondoa wajibu huo? Mstari wa pili na wa tatu unajaa: wote watano wanasema ndiyo, ingawa kwenye usalama wa taifa hawakusema kwa maneno yaleyale. Lodi Fraser alitaka ushahidi kwamba uamuzi kweli ulitokana na hofu ya usalama wa taifa. Lodi Scarman aliacha nafasi pia ya kuuliza kama waziri mwenye akili timamu angeweza kuwa na hofu hiyo. Wanachokubaliana wote ni hiki: kulitaja neno "usalama" pekee hakutoshi, lazima kuwe na ushahidi, ukishatolewa, kupima hatari ni kazi ya serikali.

Mstari wa kwanza ndio unaopasuka. Diplock, Scarman na Roskill walisema chanzo cha mamlaka si hoja, hata mamlaka yanayotumika moja kwa moja kwa jina la Taji yanaweza kupitiwa, ilimradi jambo lenyewe ni la kuamuliwa na mahakama. Fraser na Brightman hawakufika huko. Kwao ilitosha kwamba Waziri Mkuu alikuwa anatumia mamlaka aliyokabidhiwa na Amri ya Baraza, na aliyekabidhiwa anaweza kuhojiwa. Swali la mamlaka ya moja kwa moja waliliacha wazi.

Basi gawanya mstari huo mara mbili. Kanuni nyembamba, kwamba mamlaka yaliyokabidhiwa yanapitiwa, ina kura tano. Kanuni pana ina kura tatu. Tatu ni wengi, ndiyo, lakini ukweli wa kesi haukuihitaji, kwa kuwa mamlaka ya Thatcher yalikuwa ya kukabidhiwa. Ndiyo maana swali la Amri ya Baraza yenyewe lilibishaniwa tena katika kesi ya Bancoult ya watu wa Visiwa vya Chagos, ambapo mwaka 2008 Malodi walisema waziwazi kwamba nayo inapitiwa.

Kuna tundu jingine ambalo wengi hulipita. Hoja ya kwanza na ya pili zote zilikuwa upande wa vyama, na vyama vilishindwa. Msomaji mkali atasema kiini cha uamuzi ni hoja ya tatu peke yake, mengine ni maoni ya kando. Kwa mantiki kavu ana hoja. Ila mahakama zilizofuata hazikuisoma hivyo. Ziliichukua hoja ya kwanza kama sheria. Mimi nalitaja tundu hilo kabla mpinzani hajalitaja.

Dhana potofu: Jaji aliyepinga akikubaliana na mmoja wa wengi, kura yake inahesabiwa.

Kwa Uingereza, hapana. Katika kesi ya Central Asbestos dhidi ya Dodd, ya 1972, Malodi waligawanyika tatu kwa mbili. Mmoja wa wale watatu, Lodi Pearson, alikubaliana kisheria na wale wawili waliopinga, lakini kwa ukweli wa kesi akapiga kura na wenzake. Ukihesabu vichwa, watu watatu wana msimamo mmoja wa sheria. Mwaka 1974, katika kesi ya Harper, Mahakama ya Rufani ilikataa hesabu hiyo: sababu inayofunga lazima iwe imebeba matokeo, na waliopinga hawakubeba kitu. Kwa hiyo kesi ya Dodd haikuwa na kiini kinachofunga, na mahakama ikawa huru kuchagua.

Dhana potofu: Wengi wakikosa sababu moja, chukua iliyo nyembamba kuliko zote.

Hiyo ni kanuni ya Marekani, kutoka kesi ya Marks ya 1977, na hata huko inasumbua pale ambapo sababu moja haimo ndani ya nyingine. Katika GCHQ kanuni nyembamba inakaa ndani ya ile pana, kwa hiyo kuzijumlisha kunawezekana. Sababu mbili zikiwa za njia tofauti kabisa, mfano mmoja anasema hakimu hakuwa na mamlaka na mwingine anasema hakumsikiliza mlalamikaji, hakuna nyembamba wala pana. Hapo andika kwenye hoja zako kwamba unategemea matokeo kwa ukweli unaofanana, kisha uonyeshe ufanano huo mmoja mmoja.