Kulinganisha hati za mteja anayefungua akaunti

Afisa wa benki anapolinganisha hati za mteja mpya, anachotafuta ni jibu la swali moja: je, fomu, kitambulisho na uthibitisho wa makazi vinamzungumzia mtu yuleyule? Tofauti ya herufi moja haimfanyi mtu kuwa tapeli. Lakini kila tofauti lazima iwe na maelezo, na maelezo hayo yaingie kwenye faili.

Tuseme fomu inasema Fatma Salim, amezaliwa 04/03/1990. Pasipoti inasema Fatuma Salim, 03 APR 1990. Bili ya umeme imeandikwa F. Salim.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo inayopotosha wengi. Je, mteja ameandika mwezi kwanza, au kweli alizaliwa tarehe nne Machi? Kwenye fomu huwezi kujua. Pasipoti haina utata huo, kwa kuwa mwezi umeandikwa kwa herufi. Tena kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine chini ya ukurasa wenye picha. Katika mstari wa pili, tarehe ya kuzaliwa huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: `900403`, halafu tarakimu moja ya ukaguzi. Hiyo unaweza kuikokotoa mwenyewe. Zidisha tarakimu sita kwa 7, 3, 1, 7, 3, 1 kwa mfuatano, ujumlishe, uchukue tarakimu ya mwisho ya jumla. Hapa ni 63 + 0 + 0 + 28 + 0 + 3 = 94, kwa hiyo panatakiwa kusomeka `9004034`. Ukikuta tarakimu nyingine, huenda umenakili vibaya, au pasipoti imechezewa. Ikikubali, bado si ushahidi kwamba pasipoti ni halali, kwani mghushi naye anajua hesabu.

Sasa jina. Fatma na Fatuma ni jina moja kwa matamshi, ila mfumo wa kompyuta haujui hilo. Akaunti hufunguliwa kwa jina lililo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, na mteja hurekebisha fomu na kutia saini penye marekebisho. Ukoo ukiwa tofauti kabisa, hapo matamshi hayasaidii. Itahitajika hati inayounganisha majina mawili, kwa mfano cheti cha ndoa.

Bili ndiyo dhaifu kuliko zote. F. Salim anaweza kuwa Fatuma, au kaka yake Faraji wanayeishi naye nyumba moja. Benki nyingi hutaka bili isizidi miezi mitatu, na sanduku la posta pekee halitoshi, kwa sababu halisemi mtu analala wapi. Mimi ningemwomba mteja huyu hati nyingine yenye jina lake kamili na anwani ileile, kama mkataba wa pango, badala ya kuikubali herufi ile moja.