Shimo la Europiamu: Kusoma Mchoro wa Elementi Adimu kwenye Miamba ya Volkano za Rungwe

Mwanafunzi wa uzamili anayerudi kutoka Tukuyu na mfuko wa sampuli hupokea kutoka maabara jedwali la elementi kumi na nne, kuanzia lanthanamu hadi luteshiamu. Akizichora zilivyo, mstari unapanda na kushuka kama meno ya msumeno, kwa sababu elementi zenye namba shufwa ya atomi zimeumbwa kwa wingi kuliko jirani zao zenye namba witiri. Ndiyo maana kila thamani hugawanywa kwanza kwa kiasi kilichomo kwenye vimondo vya aina ya kondraiti, kisha mchoro hufanywa kwa skeli ya logi. Meno yanatoweka, na kinachobaki ni historia ya magma yenyewe.

Nitazungumzia sehemu moja tu ya mchoro huo, pale katikati ambapo samariamu, europiamu na gadoliniamu zinafuatana. Miamba mingi ya trakaiti huonyesha shimo hapo, yaani europiamu iko chini ya mstari unaounganisha majirani zake wawili. Wanafunzi wengi huandika sentensi moja, kwamba madini ya feldispa yalijitenga na magma, kisha wanaendelea na mambo mengine. Si uongo, ila shimo lina habari zaidi ya hiyo.

Europiamu huwa na tabia mbili. Elementi nyingine za kundi hili hukaa kwenye magma zikiwa na chaji tatu, lakini sehemu ya europiamu hupunguza chaji moja na kubaki na mbili. Ikifika hapo inafanana sana na stronsiamu, nayo huingia kwenye feldispa mahali pa kalsiamu. Magma ikiwa na oksijeni nyingi, sehemu hiyo hupungua, hivyo feldispa ileile huacha shimo dogo zaidi.

Tuchukue mfano. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya zoezi, zote kwa gramu kwa tani. Tuseme tuna basanaiti kutoka mteremko wa Rungwe yenye samariamu 10.4, europiamu 3.2, gadoliniamu 9.0 na thoriamu 6. Tuna pia trakaiti kutoka ukingo wa Ziwa Ngozi yenye samariamu 14.8, europiamu 2.2, gadoliniamu 11.9 na thoriamu 24. Kwa kondraiti tunatumia 0.148, 0.0563 na 0.199 kwa mpangilio huohuo wa elementi tatu za kwanza. Kina cha shimo hupimwa hivi:

```
Eu/Eu* = EuN / √(SmN × GdN)
```

Herufi N ina maana kwamba thamani imekwisha kugawanywa kwa kondraiti. Kwa basanaiti tunapata 70.3, 56.8 na 45.2, na jibu ni 1.01, maana yake hakuna shimo. Ndivyo inavyotarajiwa kwa magma iliyoyeyuka ndani kabisa ya vazi la dunia, kwani plajioklesi, ambayo ni aina ya feldispa, haidumu huko chini. Kwa trakaiti tunapata 100, 39.1 na 59.8, na jibu ni 0.51. Europiamu iliyobaki ni nusu ya ile ambayo ingekuwepo kama ingefuata majirani zake.

Sasa swali lenyewe: je, nusu hiyo inatuambia ni kiasi gani cha magma kiligeuka fuwele? Peke yake, hapana. Lazima tupate kipimo kingine kisichotegemea feldispa, na hapo ndipo thoriamu inapotufaa, kwa sababu madini ya kawaida karibu hayaichukui kabisa. Imepanda kutoka 6 hadi 24, mara nne. Kwa hiyo, ikiwa trakaiti ilitokana na basanaiti hiyo, kimiminika kilichobaki ni robo, na robo tatu zimeshuka kama fuwele. Tukiita kiasi kilichobaki F, kanuni ya Rayleigh ni hii:

```
C / C0 = F^(D − 1)
```

C ni kiasi cha elementi kwenye trakaiti, C0 ni kiasi chake kwenye basanaiti, na D ni mgawo wa elementi kati ya fuwele zote kwa pamoja na magma. Weka F kuwa 0.25, kisha tafuta D ya kila elementi. Samariamu inatoa takribani 0.75, gadoliniamu 0.80, na europiamu 1.27. Hapa ningemwomba mwanafunzi aweke kalamu chini atafakari. Feldispa karibu haitaki samariamu. Ingekuwa feldispa ndiyo pekee iliyotoka, D ya samariamu ingekuwa labda 0.05, na trakaiti ingebaki na samariamu karibu 39. Yetu ina 14.8 tu. Kuna madini mengine yaliyochukua samariamu na gadoliniamu pamoja na europiamu, na watuhumiwa ni piroksini, amfiboli na apataiti. Shimo lilituonyesha feldispa, lakini kuta za shimo ndizo zilizotuonyesha wenzake. Kisha ndipo unarudi kwenye darubini kutazama kama fuwele kubwa zilizomo kwenye sampuli zinakubaliana na hesabu.

Kabla ya yote hayo, hakikisha shimo ni la mwamba na si la mashine. Kwenye vipimo vya masi kwa plazma, atomi ya bariamu ikishikana na oksijeni huwa na uzito sawa na europiamu. Bariamu 135 huangukia masi 151, na bariamu 137 huangukia 153. Sampuli yenye bariamu 1200, ikiwa moja katika elfu inageuka oksaidi, huongeza europiamu ya uongo karibu 0.2 kwenye masi 151 na karibu 0.3 kwenye masi 153. Shimo linafukiwa kidogo. Dalili yake ni rahisi: omba maabara wakupe matokeo ya masi zote mbili, na kama 153 inatoa europiamu nyingi kuliko 151, marekebisho hayakutosha.

Kosa la upande wa pili huwapata wanaofanya kazi na kabonataiti, kama ile ya Panda Hill magharibi ya jiji la Mbeya. Elementi nyepesi za kundi hili ni nyingi mno humo. Oksaidi ya praseodimiamu 141 huangukia masi 157, mahali pa gadoliniamu. Gadoliniamu ikipandishwa hivyo, shimo la europiamu linatokea hata kama feldispa haikuhusika kabisa.

Kwa trakaiti, stronsiamu ni shahidi mzuri. Feldispa iliyobeba europiamu lazima iwe imebeba stronsiamu pia, tena kwa nguvu zaidi. Nikiona shimo la 0.5 na stronsiamu bado iko juu kama ya basanaiti, siandiki neno feldispa. Narudia kipimo.

Fonolaiti zinahitaji tahadhari ya pekee, nazo zipo Rungwe. Titanaiti ikiwa miongoni mwa fuwele zilizotoka, hupenda elementi za katikati zenye chaji tatu, na huchukua samariamu na gadoliniamu kwa nguvu kuliko europiamu. Mchoro unabonyea katikati kama bakuli, kuta za shimo zinashuka, na Eu/Eu* inapanda kuelekea 1 ingawa feldispa ilikuwa ikitoka muda wote. Kwenye mwamba wa namna hiyo, kukosekana kwa shimo si ushahidi kwamba feldispa haikutoka.