Tangazo la karani wa stoo, na usaili wa mwombaji kiziwi

Chukua tangazo la duka la jumla pale Chake Chake. Linatafuta karani wa stoo "mwenye afya njema, awezaye kubeba gunia la kilo 50, anayejua kujieleza vizuri, mwenye leseni ya udereva". Chini yake pana namba ya simu, "piga tu". Kisha limetengenezwa kama picha na kusambazwa kwenye makundi ya Wasapu.

Kabla ya kuandika sifa, mimi humtaka mwajiri anieleze karani wake anafanya nini tangu asubuhi mpaka jioni. Anapokea mzigo, anaulinganisha na hati ya mzigo, anajaza kadi ya stoo, anatoa bidhaa kwa oda, anaripoti upungufu. Magunia hubebwa na mahamali. Gari lina dereva wake. Kwa hiyo kilo 50 na leseni zinafutwa, na "afya njema" nayo inafutwa kwa kuwa haimwambii mwombaji chochote kuhusu kazi. "Anayejua kujieleza" inakuwa "anayeweza kutoa taarifa ya upungufu wa bidhaa siku hiyo hiyo, kwa maandishi au njia nyingine inayoeleweka".

Picha ile nayo ibadilishwe. Asiyeona anasomewa simu yake na programu ya kusoma skrini, na mara nyingi programu hizo hushindwa kutoa maneno yaliyomo ndani ya picha, au huyasoma vipande vipande. Bandika maandishi yale yale chini ya picha. Kiziwi naye hawezi kupiga simu, basi weka ujumbe mfupi na barua pepe. Halafu ongeza sentensi hii: "Ukihitaji marekebisho ili ushiriki usaili, kama vile mkalimani wa lugha ya alama, maandishi makubwa au chumba cha chini, tujulishe. Taarifa hiyo haiingii kwenye alama." Kumuuliza mtu ana ulemavu gani hakukusaidii kupanga chumba. Muulize anahitaji nini, na waulize wote walioitwa, kwani wapo watakaoona haya kuanza wao.

Tuseme mmoja wa walioitwa ni kiziwi na ameomba mkalimani. Anza kumtafuta wiki moja kabla, kupitia Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA. Kama itabidi atoke Unguja, weka nauli ya boti na malazi kwenye bajeti. Gharama hii ni ya mwajiri. Usikubali ndugu wa mwombaji akalimani. Anamjua mno, na mara nyingi hujibu kwa niaba yake bila hata kukusudia, nanyi mtakuwa mnamsaili ndugu. Mpe mkalimani mapema istilahi za kazi, kama kadi ya stoo na hati ya mzigo. Neno lisilo na alama anayoijua atalitamka herufi kwa herufi kwa vidole, na hapo muda unapotea.

Mkalimani akae ubavuni mwa msaili mkuu, uso kwa uso na mwombaji, na wasaili wasiwe na dirisha lenye mwanga nyuma yao. Mzungumzie mwombaji mwenyewe: "Ungefanyaje?", usiseme "Muulize angefanyaje". Azungumze mmoja mmoja. Usaili wa dakika 30 upange kwa 45, maana swali na jibu vyote vinapita mikono miwili. Ukizidi saa moja, wanahitajika wakalimani wawili wa kupokezana, kwani mkalimani akichoka anaanza kuruka maneno na nyinyi hamtajua.

Wapo wanaodhani karatasi ya maswali inatosha. Kwa viziwi wengi Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili. Lugha ya alama ina sarufi yake. Jibu lenye viambishi vilivyokosewa likipewa alama ndogo, umepima sarufi, hukupima stoo.

Kwa kazi hii ninaamini zaidi jaribio la vitendo. Weka mezani hati ya mzigo yenye mistari 12 na bidhaa zenye tofauti tatu ulizozipanga: katoni moja imepungua, aina moja imebadilishwa, tarehe moja imepita. Kila mwombaji apewe dakika 20, baada ya maelekezo kueleweka. Muda wa kukalimani maelekezo usihesabiwe. Kila tofauti iliyoonekana ni alama 2, na salio sahihi kwenye kadi ni alama 4. Jumla 10, kwa wote, bila nyongeza ya huruma.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 2 inahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi, maadamu si mzigo uliopindukia kwa mwajiri.

Kila msaili ajaze alama zake kabla ya kuzungumza na mwenzake. Mjadala ukianza kwanza, swali la "wateja watamwelewa vipi?" huingia na kushusha alama za kadi ya stoo, ilhali karani huyu hahudumii wateja.