Tiketi 43 kwenye foleni, na wa sita wa Tabata

Zamu yangu kwenye dawati la huduma kwa wateja wa intaneti ya faiba huanza saa moja asubuhi. Jumatatu iliyopita nilikuta tiketi 43 zinanisubiri, na robo saa ya kwanza sikujibu hata moja. Ukizijibu moja moja kutoka juu, saa tatu itakukuta umebadilisha nywila za watu ishirini huku kuna mtaa mzima hauna neti.

Kwanza nazipanga kwa eneo. Mada aliyochagua mteja siitegemei sana, kwa sababu huchagua kile anachodhani ndicho chanzo. Siku hiyo sita zilitoka Tabata: tatu zilisema hakuna neti, moja ililalamikia televisheni, na mbili zilikuwa kwenye foleni ya malipo. "Nimelipa Ijumaa, mbona mmenikatia?" Zingebaki huko, mhasibu angeona malipo yapo, akazifunga.

Nikawatazama wote sita kwenye mfumo. Vifaa vyao vilipotea ndani ya dakika moja, saa 4:41 usiku. Hapo swali ni umeme au waya. Umeme ukikatika, kifaa huwahi kutuma ujumbe wa mwisho kabla hakijazima, na mfumo huandika `dying-gasp`. Waya ukikatika hakiwezi kutuma chochote, na unasoma `LOS`. Wote sita walikuwa `LOS`. Lakini si kila kifaa huwahi kuaga, kwa hiyo nikampigia mmoja wao.

"Shikamoo mama. Kile kiboksi cheupe, taa zake zinawaka?"

"Marahaba. Moja nyekundu inapepesa tangu jana usiku."

Basi umeme upo. Nikafungua tiketi mama, nikaziunganisha zile sita chini yake, nikaipeleka kwa mafundi wa nje ikiwa na kipaumbele cha kwanza.

Ya pili kwa uzito ilikuwa ya zahanati moja, imeandikwa kwa upole mno: "Samahani, mkipata nafasi, mtandao unakatika-katika." Wanahakiki kadi za bima kwa mtandao huo, na foleni ya wagonjwa huanza saa mbili. Iliyoandikwa HARAKA SANA!!! ilikuwa ya mtu anayetaka risiti ya mwezi uliopita. Alijibiwa saa tano. Herufi kubwa hazinipi habari yoyote.

Mafundi walikuta lori lenye mzigo mrefu lilinasa waya kwenye nguzo. Saa tano na nusu ulikuwa umeungwa. Zamani ningefunga tiketi mama, na zote zilizo chini yake zingejifunga pamoja nayo. Niliwahi kumwacha mteja gizani siku mbili kwa staili hiyo. Sasa natazama kifaa kimoja kimoja kwanza. Watano walirudi, wa sita bado `LOS`. Usiku ule alikuwa amechomoa waya wa faiba mwenyewe, akaupangusa ncha kwa kanga, akaurudisha. Huyo nikamfungulia tiketi yake peke yake.